Baba Husikiliza Bei ya Dola, Mimi Nanunua Mkate kwa Yuro

*Shikamoo Mshauri,*

*Mimi ni msichana wa miaka 23 kutoka Kisumu. Niko mwaka wa tatu wa masomo Ujerumani. Baba ana duka la hadiwea Kondele na ndiye anayenisomesha. Nilipoondoka mwaka 2023 familia ililipa yuro 11,208 kwenye ile akaunti iliyofungiwa inayodaiwa kwa viza, nikawa napewa 934 kila mwezi kwa mwaka wa kwanza. Zilipoisha tulikubaliana hivi: Baba atume shilingi 80,000 kila tarehe tano, nami niongeze mshahara wangu wa duka la mikate, ambao ni kama yuro 500.*

*Januari mwaka huu wa 2025 zile 80,000 ziliniingilia zikiwa yuro 544. Oktoba ziliingia 484. Chumba, bima ya afya na chakula havijapungua hata senti. Nilipomweleza Baba alisema, "Mimi natuma elfu themanini ileile. Dola iko mia na ishirini na tisa tangu mwaka jana, nasikia redioni kila siku. Hizo zingine zinakwenda wapi?" Sijampigia kwa wiki tatu.*

*Mdogo wangu alinitumia picha ya risiti ya benki. Wanakata ada ya 2,500, halafu wanauza dola kwa 131, halafu dola 20 zinakatwa njiani, ndipo benki yangu inabadilisha ziwe yuro. Ananiambia pia kwamba mwezi uliopita Mama alijazia kwa pesa za chama, na kwamba Mama anataka wauze kipande cha shamba Ahero wanitumie zote kwa mpigo kabla shilingi haijaanguka zaidi.*

*Machi nafanya upya kibali cha kuishi. Ofisi ya uhamiaji ya hapa imeniandikia kwamba itakubali taarifa ya benki ya miezi sita pamoja na mkataba wa kazi, mradi jumla ifike yuro 992 kwa mwezi. Mimi nina 984. Rafiki amenipatia kazi ya wikendi jikoni kwenye mkahawa, malipo mkononi, hakuna mkataba. Nimwombe Baba aongeze, niichukue hiyo kazi, au nirudi nyumbani nikae mwaka mmoja mambo yatulie?*

*Binti wa Kondele*

---

Marahaba, mwanangu. Kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kusoma barua za watu nilikaa miaka mingi kwenye kaunta ya fedha za kigeni ya benki moja Nakuru, kwa hiyo barua yako niliisoma na kikokotoo mkononi. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mmoja wenu amekosea hesabu. Sikupaona. Dola kweli iko 129 kama redio inavyomwambia baba yako, na yuro zako kweli zimepungua. Ugomvi wenu ni wa watu wawili wanaosema kweli, na huo kwa uzoefu wangu ni mgumu kuumaliza kuliko ule ambao mmoja anadanganya.

Nenda nami Dunga kidogo, pale wavuvi wanapotia nanga. Chukua mtumbwi mdogo uufunge kwa kamba kwenye mashua kubwa. Upepo ukivuma, vyote viwili vinasogea pamoja. Aliye ndani ya mtumbwi akiitazama mashua ataapa kwamba hajasogea hata hatua moja, kwa sababu umbali kati yao ni uleule. Aliyesimama ufuoni anawaona wote wanakwenda zao. Shilingi yetu mwaka huu imekuwa mtumbwi huo na dola ndiyo mashua. Baba yako anapima kutoka kwenye mashua, wewe uko ufuoni.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu. Soko la fedha la Nairobi hufanya biashara yake kubwa kwa dola, na bei ya yuro hupatikana kwa kuchukua bei ya dola na kuizidisha kwa idadi ya dola ambazo yuro moja inanunua huko duniani. Januari yuro moja ilikuwa inanunua dola 1.04 hivi. Zidisha kwa 129 unapata shilingi 134. Kisha dola ikapoteza nguvu mbele ya yuro, hasa baada ya Marekani kutangaza ushuru wake mpya mwezi Aprili, na kufikia Oktoba yuro moja ilikuwa inanunua dola 1.16. Zidisha tena kwa 129 ileile, unapata shilingi 150 kasoro senti chache. Hakuna kitu kilichobadilika Kondele wala Nairobi. Shilingi imeshuka kwa zaidi ya moja ya kumi mbele ya pesa unayonunulia mkate, na mtangazaji wa saa moja jioni hajadanganya hata neno moja.

Sasa nikuulize kitu, na usinikasirikie. Una hakika gani kwamba baba yako alipouliza "zinakwenda wapi" alikuwa anakuita mwizi? Huyu ni mtu wa hadiwea. Kila jioni anahesabu mifuko ya saruji na kilo za misumari, na kitu kisipolingana na daftari huuliza kimekwenda wapi kabla hajauliza nani amekichukua. Wewe ulisikia shutuma. Huenda ilikuwa shutuma kweli, wewe unaijua sauti yake, mimi siijui. Ila huenda pia lilikuwa swali, na likakosa wa kulijibu kwa wiki tatu.

Kumbuka na yeye ametoka wapi. Agosti 2023, kipindi ambacho familia nyingi zilikuwa zinalipia hizo akaunti kabla ya muhula wa Oktoba, dola ilikuwa karibu 144 na yuro karibu 157. Yuro 11,208 kwa bei hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.7, na kila wiki iliyopita bila kulipa ilikuwa inaongeza deni. Dola ilipanda hadi ikagusa 160 Januari 2024. Mtu aliyeyapitia hayo, kisha akaiona dola ikirudi 129 na kukaa hapo mwaka mzima, hiyo 129 kwake ni amani. Unapomwambia pesa hazitoshi, anasikia kama unamwambia vita havijaisha, na redio yake inamwambia vimeisha.

Tuzifuate sasa zile 80,000 zenyewe, maana hapa ndipo nilipokuta jambo ambalo barua yako haikulitaja. Kwa bei ya katikati ya soko, yaani kabla benki yoyote haijachukua chake, shilingi 80,000 zilikuwa yuro 597 Januari na 533 Oktoba. Huo ndio upepo: yuro 64, na hakuna mtu wa kumdai. Lakini wewe hukupata 533, ulipata 484. Zile 49 nyingine hazikupeperushwa. Zilivuja kwenye gunia.

Risiti aliyokutumia mdogo wako inaonyesha matundu yote. Ada inakatwa kwanza, zinabaki 77,500. Benki inamuuzia baba yako dola kwa 131 badala ya 129, anapata dola 591. Benki ya katikati, ile inayopokea kutoka Kenya na kupeleka Ujerumani, inachukua 20 zake, zinabaki 571. Halafu benki yako wewe inabadilisha dola ziwe yuro kwa bei yake, ambayo nikiipiga kwa kurudi nyuma naona ni kama 1.18 badala ya 1.16. Unafika 484. Pesa zimebadilishwa mara mbili, na kila mara kuna aliyechovya kidole.

Matundu hayo yalikuwapo Januari pia. Kati ya 597 ulipata 544. Hukuyaona kwa sababu yuro ilikuwa rahisi na ulikuwa unashiba. Kwa hiyo unapomwambia Baba kwamba shilingi imekula pesa zako, unasema nusu ya habari, na ile nusu nyingine inaanzia kwenye kaunta anayokwenda yeye mwenyewe kila tarehe tano. Jinsi utakavyolisema hilo ni kazi yako. Mzazi anayejibana hapendi kuambiwa kwamba hata njia yake ya kujibana ina hasara.

Baadhi ya matundu haya yanazibika. Watu wengi hudhani dawa ni kuacha dola na kutuma yuro moja kwa moja. Inasaidia, lakini kidogo kuliko unavyofikiri. Tuseme benki inauza yuro kwa 152 na nusu, ada ni ileile, na benki ya katikati inachukua yuro 20. Utapata 488. Yuro nne tu za nyongeza! Tundu kubwa ni zile ada zisizobadilika, ambazo hukatwa kwa ukubwa uleule utume kidogo au utume nyingi. Baba yako akituma 160,000 mara moja kwa miezi miwili, kwa yuro, ada zinakatwa mara moja badala ya mbili, na unapata karibu 1,012. Hiyo ni 506 kwa mwezi. Ongeza 500 za duka la mikate uone umefika wapi mbele ya ile 992.

Usishangilie bado. Kutuma miezi miwili pamoja maana yake mara ya kwanza atoe 80,000 mwezi mmoja kabla ya wakati wake, na kwa mwenye duka hiyo ni mali ambayo ingekuwa rafuni ikiuzwa. Pia taarifa yako ya benki itaonyesha pesa zikiingia mwezi mmoja na kuruka mwingine. Afisa mmoja ataigawa kwa mbili bila kuinua macho, mwingine atakuuliza mbona Desemba hakuna kitu. Kwa kuwa ofisi yenyewe ilikuandikia, waandikie na wewe uwaulize hilo kabla ya kubadilisha utaratibu, na jibu ulitunze. Chuo chako lazima kina watu wanaoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Hawa hujua tabia ya ofisi ya mji wao kuliko mimi.

Zipo pia njia za kutuma zisizopitia benki ya katikati, zikiwamo za simu. Sitakuchagulia. Ninachokuomba umwambie baba yako, au yeyote anayekwenda kaunta, ni kwamba asiulize ada ni ngapi. Aulize, "Nikikupa shilingi elfu themanini leo, zitaingia yuro ngapi kwenye akaunti ya mtoto?" Kuna wanaotangaza kutuma bure halafu wanakuuzia yuro kwa bei ya ajabu. Nilikuwa upande ule wa kaunta, najua. Na kwenye fomu ya benki kuna mahali pa kuchagua nani alipe gharama za njiani, ambapo huandikwa OUR, SHA au BEN. Ukiona SHA, maana yake mnagawana, na ndiyo sababu wewe unakatwa kule. OUR ingemfanya alipe yote yeye, hapa, kwa shilingi, na afadhali kwanza aulize itakuwa kiasi gani.

Tuje kwenye kumwomba aongeze. Nilipiga hesabu kwa njia hiihii mnayotumia sasa, bila kuziba tundu lolote. Ili upate tena zile 544 za Januari, baba yako angehitaji kutuma kama 89,200. Ni nyongeza ya 9,200. Nadhani kichwani mwako ilikuwa kubwa zaidi, maana unaandika kama mtu anayeogopa kuomba ng'ombe. Lakini angalia pia makubaliano yenu yalivyosukwa. Mlikubaliana kwa shilingi. Anayeahidi shilingi amemwachia mwenzake upepo wote. Kama angeahidi yuro 544, upepo wote ungekuwa wake, na mwaka huu ungemwelemea. Hakuna aliyefanya ubaya, mlikubaliana wakati yuro ilikuwa imetulia na hakuna aliyewaza.

Baadhi ya wazazi niliowahudumia walikuwa wanagawana upepo na watoto wao. Wanachagua bei moja ya katikati, kisha yuro ikipanda juu ya hapo mzazi anaongeza nusu ya pengo na mtoto anajibana nusu, na ikishuka mzazi anapunguza vilevile. Kwenu nusu hiyo ingekuwa kama 4,600. Baba yako anajua hizo ni faida ya mifuko mingapi ya saruji, wewe na mimi hatujui. Na hapa kuna jambo linalonitia wasiwasi. Kama pesa za chama za Mama zimeshaingia humo, huenda hata hizo 80,000 hazipo tena kamili. Kabla ya kuomba, uliza duka linaendaje. Uliza kweli, na unyamaze usikilize jibu.

Kuhusu ile kazi ya jikoni. Najua harufu ya yuro za mkononi mtu akiwa na njaa, na sitakuhubiria. Ila ziangalie kwa jicho la Machi. Ofisi inataka taarifa ya benki na mkataba wa kazi. Pesa za mkononi haziko kwenye taarifa wala hazina mkataba, kwa hiyo hata zikiwa nyingi, mbele ya afisa wewe bado una 984. Ukiamua kuziweka benki atauliza zimetoka wapi. Sheria ya huko inakuruhusu siku 140 kamili za kazi au siku 280 za nusu kwa mwaka, au hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi isiyoandikwa popote ni vigumu kuthibitisha kwamba haikuvuka mpaka. Mafuta ya moto yakikumwagikia mkono siku hiyo, mwenye mkahawa atakuwa wa kwanza kusema hakujui.

Umeuliza duka la mikate kama wana saa zaidi? Kazi ndogo ya aina yako, kama ndiyo ile isiyokatwa kodi nzito, mwaka huu wa 2025 inaruhusu mshahara hadi yuro 556 kwa mwezi, na kuanzia Januari 2026 ni 603. Wewe uko 500. Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 ni yuro 12.82 kwa saa, kwa hiyo saa nne za ziada kwa mwezi, mwezi mzima, ni zaidi ya yuro 50, na zote zinaonekana kwenye karatasi. Linganisha na wikendi nzima jikoni. Huenda hawana saa hizo, au huenda mitihani ya Februari haikuachii hata saa nne. Wewe ndiye unayejua ratiba yako na usingizi wako. Mimi nimeshangaa tu kwamba barua imepita kutoka mkate hadi mkahawa bila kusimama hapo.

Kurudi nyumbani kwa mwaka nako kuna hesabu yake. Kwa kawaida kibali cha kuishi cha Ujerumani hufa ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita. Ukitaka kurudi baada ya hapo utaanza na viza mpya, na viza mpya kwa kawaida hudai akaunti ile iliyofungiwa, ambayo mwaka huu wa 2025 ni yuro 11,904. Kwa 150 ni karibu shilingi milioni 1.8. Mwaka wa kupumzika unaweza kugeuka kuwa ndio mwaka ghali kuliko yote. Lakini kama unarudi kwa sababu umechoka mwili na roho, hilo ni jambo jingine, na barua yako haikuniambia. Ulinieleza chumba, bima na chakula. Hukunieleza unalala saa ngapi, na una nani huko.

Na Ahero. Hofu ya Mama naielewa, nimeiona ikipanga foleni. Januari 2024 watu walikuja kwangu na pesa za mashamba, wananunua dola kwa 160 kwa sababu mtaani walisema itafika 200. Mwezi uliofuata serikali ikauza hati fungani mpya nje ya nchi, ikaanza kuulipa ule mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa unaiva Juni, na hofu ikaisha. Kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Aliyebadilisha shilingi 500,000 kwa 160 alipata dola 3,125. Angengoja miezi mitatu angepata zaidi ya 3,800. Nakumbuka mzee mmoja wa Njoro aliyerudi kuniuliza kama anaweza kuzirudisha, na nilivyomwonyesha ubao wa bei bila kusema neno.

Sisemi yuro itashuka. Mwaka huu imefanya kinyume, na aliyenunua yuro za miezi sita Januari kwa 134 leo anatabasamu. Ninachosema ni kwamba shamba likishauzwa halirudi bei ikigeuka. Kama familia ina kitu cha akiba, kuna wanaofungua akaunti ya yuro hapahapa Kenya na kununua kidogo kidogo, miezi miwili au mitatu mbele ya mahitaji. Hawapati bei nzuri kuliko zote, na hawapati mbaya kuliko zote. Je, Mama anataka kuuza kwa sababu ya bei ya yuro, au kwa sababu binti yake hajapiga simu wiki tatu na hajui kama amekula?

Kuhusu kuzungumza na Baba, usianze na 484. Yeye ataanza na 129 na mtakuwa mmerudi mlikotoka. Unajua kwamba Benki Kuu hutoa jedwali la bei kila siku ya kazi. Redio husoma mstari wa kwanza tu, US DOLLAR. Mistari michache chini yake kuna EURO. Mdogo wako anaweza kuufungua kwenye simu, akaweka Januari na Oktoba pembeni kwa pembeni, na kumwachia mzee asome mwenyewe. Watu wa biashara huamini wanachokisoma kuliko wanachosomewa. Kisha ndipo risiti, tundu kwa tundu. Anaweza kukasirika, na anaweza kuikasirikia benki badala yako. Au anaweza kunyamaza siku mbili halafu akapiga simu kuuliza fomu ya OUR inapatikana wapi. Baba yangu mimi angefanya hilo la tatu.

Simu yenyewe piga saa kumi na nusu jioni ya huko. Kwao itakuwa saa kumi na mbili na nusu, mteja wa mwisho ameondoka, na taarifa ya habari haijaanza.